Siku moja maishani mwangu: kugawa gharama za korosho Mtwara

Saa 1 asubuhi nishafika kiwandani, boila inawaka, korosho ghafi zinapigwa mvuke ili ganda libanguke vizuri. Mimi ni mhasibu wa gharama hapa na leo nafunga hesabu ya mzigo wa tani 10. Kununua korosho, kuni, mishahara ya kubangua, kukausha na kumenya ngozi, mpaka inafika meza ya kuchambua ni sh 30,200,000. Mpaka hapo huwezi kusema kuni hizi zilipikia korosho nzima na hizi zilipikia vipande, zote zimetoka gunia moja.

Saa 4 niko mezani na kina mama. Mizani inasema nzima kilo 1,500, nusu kilo 400, vipande kilo 300. Maganda anachukua mtu wa kukamua mafuta, nikitoa usafiri inabaki sh 200,000. Maganda siyagawii gharama, hatukununua korosho kwa ajili yake, hiyo laki mbili naipunguza tu kwenye gharama ya pamoja, inabaki sh 30,000,000.

Saa 6 bosi kaniita. Kaka mmoja wa ofisini kagawa kwa uzito, kila kilo imebeba kama sh 13,636, vipande tunauza 12,000, basi bosi anasema vipande vinatutia hasara tuviache. Nikamwambia bosi, ukiacha vipande zile milioni 30 hazipungui hata shilingi, unachopoteza ni sh 3,600,000 za mauzo.

Saa 8, baada ya ugali wa muhogo na samaki, nikagawa upya kwa thamani ya mauzo pale mezani. Nzima kwa 20,000 ni milioni 30, nusu kwa 16,000 ni milioni 6.4, vipande milioni 3.6, jumla milioni 40. Gharama ni asilimia 75 ya hiyo, kwa hiyo kilo ya nzima inabeba 15,000, nusu 12,000, vipande 9,000. Ila usije ukasema sasa vipande vina faida nzuri, hapana, njia hii lazima ipe kila aina faida ileile ya asilimia 25 ya mauzo, ndivyo ilivyotengenezwa. Kazi yake ni kuthamini stoo: kilo 100 za vipande zilizobaki naziandika sh 900,000, kwa uzito zingekuwa 1,363,600 wakati sokoni hazizidi 1,200,000, ungelazimika kuzishusha thamani.

Saa 10 dada wa masoko kaja na wazo la kukaanga vipande na chumvi, kilo iuzwe 15,000. Hapo ile 9,000 naiweka kando kabisa, ishatumika ukaange usikaange. Bei inapanda 3,000, kukaanga na pakiti ni 2,500, inabaki 500 kwa kilo. Nimemwambia dada alete oda ya maandishi kwanza, maana bei ikishuka chini ya 14,500 tu, bora tuuze vikiwa vibichi.