Jino moja la sproketi na mlima wa Riat

Pikipiki yangu ya cc 150 ilikuja na sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma meno 42. Uwiano wake ni 3: sproketi ya mbele ikizunguka mara tatu, gurudumu la nyuma huzunguka mara moja. Mwaka jana nilichoka kusikia injini ikilia kwenye tambarare ya Kano, nikiwa njiani kwenda Ahero, nikanunua ya mbele yenye meno 15. Fundi wangu pale Mamboleo aliniambia, "Weka ukitaka, kaka, lakini mlima utakudai."

Uwiano ulishuka hadi 2.8. Barabara ya Ahero ikawa raha. Kwa mwendo uleule injini ilizunguka polepole zaidi, na nilipojaza tangi hadi shingoni na kupima kilomita, lita moja ilinifikisha 49 badala ya 46. Nilidhani na spidi ya mwisho itapanda. Haikupanda. Zamani nilifika 88, sasa 85, kwa sababu upepo ulizidi nguvu ya injini kabla haijafikia mizunguko inakotoa nguvu zake zote.

Deni lenyewe nilidaiwa Riat. Kila gia ilikuwa imepoteza takriban asilimia 7 ya mvuto wake kwenye gurudumu, kuanzia ya kwanza hadi ya tano. Nikiwa na abiria na gunia la mahindi kuelekea Kiboswa, gia ya nne ambayo awali ilishikilia mlima ilianza kufa katikati. Nashusha ya tatu, injini inapiga kelele, kona ikiisha naweka nne, inakufa tena. Kuondoka kituoni nililazimika kuachia klachi taratibu mno, na siku ya pili nikasikia harufu yake ya kuungua. Kwa safari hizo lita ilishuka kutoka kilomita 39 hadi 36. Uwiano uleule uliopunguza mafuta tambarare uliyala mlimani.

Mwenzangu alinishauri niweke 13 mbele. Nilipiga hesabu: 42 kwa 13 ni 3.23, yaani mvuto unaongezeka karibu asilimia 8, lakini tambarare injini ingelia kuliko mwanzo. Na sproketi ndogo hivyo hukunja cheni kwa ukali, ikaisha upesi.

Watu wengi hawajui kwamba jino moja la mbele ni sawa na matatu hivi ya nyuma. Kwa hiyo nilirudisha 14 mbele, nikaweka 43 nyuma, uwiano 3.07, asilimia 2.4 tu juu ya ule wa kiwandani. Cheni ilitosha baada ya kusogeza ekseli mbele kidogo na kuacha ulegevu wa sentimita 2 hadi 3. Riat naipanda kwa gia ya nne, abiria akiwa mmoja na gunia lake, bila kushusha hadi kileleni.