Karatasi ya Pili

Mwaka 2018 nilikuwa fundi mkuu wa umeme katika kiwanda cha kukamua alizeti na kusaga unga, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwezi wa Machi niliingia mbele ya bodi kuomba shilingi milioni 14 za kununua paneli ya kapasita. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili nzima, na nilikuwa na uhakika na hesabu zangu kama nilivyo na uhakika na jina langu.

Nilianza hivi: “Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, pawa fakta ya kiwanda chetu ni 0.72. Napendekeza tufunge paneli ya kVAr 120 yenye hatua sita, inayojiendesha yenyewe, ili tufike 0.95.” Kisha nikawachorea pembetatu ukutani. Nikaeleza kwamba mota zetu za kukamulia na kusagia zinahitaji umeme wa aina mbili: unaozungusha shafti, na unaojenga sumaku ndani ya mota kisha ukarudi kwenye nyaya bila kufanya kazi yoyote. Nilipofika kwenye kosaini, mwenyekiti alikuwa anaangalia saa.

Mzee mmoja akauliza kwa upole: “Sasa mwanangu, umeme utaacha kukatika?”

Nikajibu kwamba hapana, hilo ni jambo jingine. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini baada ya hapo hapakuwa na swali tena, kwa sababu kukatika kwa umeme ndilo tatizo pekee la umeme walilolijua, na mimi sikuwa nimewatajia jingine. Wakaniambia suala litajadiliwa kikao kijacho.

Jioni nilipita ofisini kwa mama mhasibu. Alikuwamo kwenye kikao akiandika kumbukumbu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanisogezea daftari lake nione alichoandika juu yangu. Kulikuwa na mstari mmoja: *Fundi anaomba milioni 14 za mashine.* Nikamwambia nimeeleza mambo mengi zaidi ya hayo. “Umeeleza,” akasema, “ila hicho ndicho nilichokisikia. Sasa niambie mimi. Nikikupa hiyo hela, nini kitabadilika kwenye vitabu vyangu?”

Nilimjibu kwamba ufanisi utaongezeka. Akatikisa kichwa. “Ufanisi nitauandika kwenye safu gani?”

Hapo ndipo nilipochukua bili. Wateja wa viwandani wa kundi letu hawalipi uniti peke yake. Mita inarekodi pia kile kiwango cha juu kabisa tulichovuta katika mwezi, kwa kVA, ambazo zinahesabu umeme wa aina zote mbili kwa pamoja, na kila kVA wakati huo ilitozwa kama shilingi 15,000. Mwezi wa kazi nyingi tulikuwa tunafika kVA 250, ilhali kazi halisi ya mashine ilikuwa kilowati 180; ukigawa 180 kwa 250 unapata ile pawa fakta ya 0.72. Nilimwambia ni sawa na kulipia nauli ya gunia la karanga zenye maganda. Mota inayahitaji yale maganda, siwezi kuyatupa, lakini kapasita zikifungwa hapa hapa kiwandani zitaipa mota maganda hayo zenyewe, hatutayasafirisha tena kutoka kwenye transfoma. Tukifika 0.95, kilowati zile zile 180 zitasomeka kVA 189. Zinapungua 61. Mara 15,000, ni shilingi 915,000 kwa mwezi.

“Ungeanzia hapo,” akasema.

Nikafurahi, nikazidisha mara 12 na kuandika kwa herufi kubwa: *Tutaokoa karibu milioni 11 kwa mwaka.* Yeye hakufurahi. Alishusha faili la bili za mwaka uliotangulia, akazipanga mezani zote 12, na akanionyesha kwa kalamu kwamba miezi yetu ya kazi nyingi ni saba, kuanzia Juni alizeti inapoingia hadi Desemba. Miezi mitano iliyobaki tulikuwa tunasaga unga tu, na kVA zilikuwa kama 160. Kwa hali hiyo, miezi hiyo ingeokoa kVA 39 tu, yaani shilingi 585,000. Tulijumlisha upya: 6,405,000 na 2,925,000, jumla 9,330,000. Mimi mwenye umeme ndiye niliyezidisha kana kwamba alizeti huvunwa Februari.

Kulikuwa na sentensi nyingine aliyoikata. Nilikuwa nimeandika kwamba bili ya umeme itashuka. Aliniuliza kama uniti zitapungua. Nikamwambia zitapungua kidogo sana, kwenye nyaya zetu za ndani tu. “Basi andika tozo ipi inashuka na ipi inabaki, maana wakiona uniti ni zile zile mwezi wa kwanza watasema umewadanganya.” Nalikumbuka neno hilo kuliko yote aliyoniambia. Faida ukiitanguliza, ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukaguliwa.

Karatasi ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sentensi za mwanzo zilisomeka hivi:

*Kila mwaka kiwanda kinalipa kama shilingi 9,330,000 ambazo zinaweza kubaki kwetu. Ili zibaki, tunaomba milioni 14 mara moja. Zitakuwa zimerudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Kinachoshuka ni tozo ya kVA. Gharama ya uniti itabaki karibu ile ile, na umeme ukikatika utakatika kama kawaida.*

Chini yake niliweka jedwali dogo la bili 12, mwezi kwa mwezi, ili yeyote aweze kuzijumlisha mwenyewe. Pembetatu yangu, ukubwa wa kapasita na mchoro wa paneli vilihamia karatasi ya nyuma. Sikuvitupa, ingawa kijana mmoja wa ofisini alinishauri nivitupe, na ninashukuru kwamba sikumsikiliza.

Kwa sababu kikao cha Mei kilipofika, mwenyekiti alisoma ukurasa ule kimya, akauliza swali moja tu la muuzaji na dhamana, kisha akawageukia wenzake. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli miaka mingi akafunua karatasi ya nyuma na kuivaa miwani. “Usiku mashine zikizimwa,” akaniuliza, “hizi kapasita zitabaki zimewaka? Hazitapandisha volti?”

Ndilo swali hasa la kuuliza. Kapasita zikibaki zote kwenye laini wakati mota hazifanyi kazi, umeme wa aina ile ya pili unazidi mahitaji, na volti inaweza kupanda. Nilimjibu kwamba ndiyo maana paneli ina hatua sita za kVAr 20 na kifaa kinachopima muda wote: mota zikipungua, hatua nazo zinatoka moja moja. Akaniuliza tena kama kapasita hazitawaka moto. Nikamwambia kwamba joto ni adui yao kweli, kwa hiyo paneli itakaa chumba chenye feni, mbali na boila, na mimi nitapima ampea za kila hatua kila mwezi, kwani kapasita inayokufa huvuta ampea chache kuliko wenzake kabla hujaiona imevimba. Akakunja karatasi. “Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeridhika.” Wenzake waliokuwa hawajaifunua karatasi hiyo walimtazama yeye, wakaridhika naye.

Paneli ilifungwa Julai. Bili ya Agosti ilisoma kVA 193 badala ya 250 za Agosti iliyotangulia. Mama mhasibu aliileta mwenyewe hadi karakana, akachukua kalamu nyekundu, akaandika 855,000 pembeni mwa ile 915,000 niliyoahidi, akaniuliza zile 60,000 ziko wapi. Tukaenda pamoja kwenye paneli, nikafungua mlango, nikaanza kupima hatua ya kwanza.