Jinsi ninavyopata odi halisi baada ya kodi ya ushindi

Hapa Mbeya, wengi tunaobashiri pale Mwanjelwa hutazama odi iliyoandikwa kwenye mkeka na kuishia hapo. Mimi niliamua kuitafuta odi inayobaki baada ya makato, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoingia mfukoni.

Jambo la kwanza nililolichunguza ni kodi inakatwa kwenye nini. Katika mfano huu nitumie asilimia 10, kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Kiwango chenyewe hubadilishwa na sheria ya fedha, hivyo kila mwaka mpya wa serikali unapoanza Julai mosi hukihakiki upya. Chukua dau la shilingi 5,000 kwa odi ya 1.80, tuseme Tanzania Prisons ishinde nyumbani Sokoine. Malipo ya jumla ni 9,000, na faida ni 4,000. Kodi ikikatwa kwenye faida peke yake ni 400, unapokea 8,600, na odi halisi ni 8,600 kugawa kwa 5,000, yaani 1.72. Ikikatwa kwenye malipo yote ni 900, unapokea 8,100, na odi inashuka hadi 1.62. Kwa hiyo nikipokea mkeka uliolipwa husoma mstari wa kodi: 400 au 900 hunijulisha kanuni inayotumika bila kumuuliza mtu.

Kwenye jedwali la simu huweka odi katika B2 na kiwango cha kodi katika C2:

```
=1+(B2-1)*(1-C2)
=B2*(1-C2)
```

Fomula ya kwanza ni ya kodi kwenye faida, ya pili ni ya malipo yote. Tofauti yake huonekana zaidi kwenye odi ndogo ambazo vijana huziita za uhakika. Odi ya 1.10 kwa fomula ya kwanza hubaki 1.09, ila kwa ya pili huwa 0.99, maana yake unashinda na bado unapoteza shilingi 50 katika kila 5,000.

Kisha hugawanya 1 kwa odi halisi. Kwa 1.80, timu ilipaswa kushinda mara 55.6 katika 100 ili usipate hasara, kwa 1.72 inabidi iwe mara 58.1. Mkeka unaochanika haurudishiwi kodi iliyokatwa kwenye ule ulioshinda, na ndiyo sababu pengo hilo halifidiwi na chochote.

Kwa mkeka wa mechi nyingi, sikati kodi kwenye kila mechi. Mechi nne za odi 1.50 huzaa 5.06, na kodi ya faida hukatwa mara moja mwishoni, ikabaki takriban 4.66. Rafiki yangu mmoja alikuwa akikata kila mechi hadi 1.45 kabla ya kuzidisha, akapata 4.42, kisha akadhani kampuni imemlipa zaidi.