Jinsi nilivyotatua hesabu ya seti iliyokuwa ikitoa jibu hasi

Swali nililokuwa nikilifanya na wanafunzi wa skuli hapa Pemba lilihusu kaya 60: 30 zinalima karafuu, 28 minazi na 24 mwani; karafuu na minazi 14, minazi na mwani 11, karafuu na mwani 10, na kaya 6 zinalima vyote vitatu. Kila tulipojaza mchoro wa Veni, sehemu ya minazi pekee na ile ya mwani pekee zilitoka -3 kila moja, jambo lisilowezekana. Kuanzia duara jingine hakukusaidia, na kanuni ya muungano ilitupa 53, jibu sahihi lakini lisiloonesha nani yuko wapi.

Kilichofaa ni kuanzia katikati. Tuliandika 6 panapokutana duara zote, kisha tukaiondoa katika kila jozi, kwa kuwa zile kaya 14 za karafuu na minazi zimekwishazibeba hizo 6 ndani yake. Zikabaki 8, na jozi nyingine zikawa 5 na 4. (Swali likisema “karafuu na minazi tu”, hakuna cha kuondoa, kwa hiyo lisomwe taratibu.) Ndipo tukapata karafuu pekee: 30 − 6 − 8 − 4 = 12. Minazi pekee ikawa 9, na mwani pekee 9 vilevile, hivyo kaya zenye zao moja tu ni 30. Sehemu zote saba zilijumlika kuwa 53, sawa na kanuni, na kaya 7 zikabaki nje ya duara.