Barua ya kuomba siku tisa: jinsi nilivyoipata hesabu kwenye Jira

Mteja wetu anauza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, ana matawi mawili. Tulikubaliana tumtengenezee mfumo wa mauzo na stoo, na mkataba ulisema makabidhiano ni Ijumaa, tarehe 4 Julai 2025. Kufikia katikati ya Juni ilikuwa wazi hatufiki. Mkataba huohuo ulisema ombi la kuongezewa muda liletwe kwa maandishi kabla ya tarehe ya makabidhiano, likiwa na sababu. Kwenye sababu ndipo watu wengi hukwama, wakaishia kuandika "kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu". Sentensi hiyo haimpi mteja kitu cha kukubali wala cha kukataa.

Sisi kazi zetu zote tunaziandika kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi za mradi. Mimi naandika programu, mwenzangu anaijaribu na ndiye anayewasiliana na wateja. Kila kazi ina tiketi, na tuliongeza hali inayoitwa "Blocked" kwa kazi iliyosimama kwa kusubiri kitu cha mteja. Kwa hiyo sababu tulikuwa nazo tayari. Kazi ilikuwa kuzitoa bila kuzikuza.

Nilianza na kazi zilizoongezeka. Mkataba ulisainiwa tarehe 5 Mei, basi nikatafuta tiketi zilizofunguliwa baada ya hapo, nikiziacha zile za kurekebisha hitilafu, maana hitilafu za programu yangu ni mzigo wangu:

```
project = KYG AND created >= "2025-05-06" AND type != Bug ORDER BY created
```

Orodha ilikuja ndefu, na ungeitazama haraka ungedhani mteja ametuongezea nusu ya mfumo. Nilipozifungua moja moja, nyingi zilikuwa vipande vya kazi za zamani: mimi mwenyewe niliigawa "kuingiza mzigo stoo" kuwa tiketi nne ili niifanye kwa utaratibu. Hizo si kazi mpya hata kidogo. Kipimo changu kilikuwa kimoja: je, kitu hiki kimo kwenye kiambatisho cha mkataba, hata kwa maneno mengine? Kama kimo, nje. Zilibaki mbili: marejesho ya bidhaa, na ripoti ya stoo inayolinganisha matawi.

Ya tatu haikuwemo kwenye orodha kabisa. Mwishoni mwa Mei mteja aliomba mafundi wakubwa wawe na bei zao za jumla, na mwenzangu hakufungua tiketi mpya, aliongeza aya kwenye tiketi ya zamani ya "bei za bidhaa". Tarehe ya kufunguliwa ikabaki ileile ya mwanzo, na utafutaji wowote wa tarehe ungeipita. Niliipata kwa kufungua kichupo cha History kwenye tiketi zilizokaa bila kufungwa muda mrefu kuliko nilivyokadiria. Pale Jira inaonyesha maelezo yalivyokuwa, yalivyobadilishwa, nani kabadilisha na siku gani. Ukitafuta kazi zilizoongezeka, usiamini tarehe ya kuzaliwa kwa tiketi peke yake.

Siku zake nilizihesabu hivi. Marejesho yalikuwa yameshafanyika, basi nikachukua muda uliorekodiwa, siku mbili na nusu. Ripoti ilikula nusu siku. Bei za jumla hazikuwa zimeanzwa, nikaandika makadirio, siku mbili, na kwenye barua nikayaita makadirio. Jumla siku tano.

Upande wa kusubiri ndio ulionipa kazi. Utafutaji wenyewe ni rahisi:

```
project = KYG AND status WAS "Blocked" DURING ("2025-05-05", "2025-06-13")
```

Lakini huo unakupa majina ya tiketi tu, haukwambii zimesimama kwa muda gani. Ilibidi tena nirudi History, niandike siku ya kuingia na ya kutoka. Zilikuwa tiketi tatu. KYG-41, kupakia orodha ya bidhaa, ilisubiri faili la bidhaa kutoka kwa mteja kuanzia tarehe 19 Mei hadi 28 Mei: siku 8 za kazi. KYG-52, malipo ya simu, ilisubiri namba na funguo za majaribio ambazo ni mteja mwenyewe anayeweza kuziomba, kuanzia tarehe 22 Mei hadi 3 Juni: siku 9. KYG-47 ilisubiri nembo ya kuweka kwenye risiti, kuanzia tarehe 14 hadi 30 Mei: siku 13.

Mwenzangu alijumlisha akapata 30. "Weka zote," akasema. "Watapunguza wenyewe, sisi tutabaki na ishirini."

Nilikataa, na si kwa sababu ya wema. Barua kama hii haisomwi na mkurugenzi peke yake, inapelekwa kwa mhasibu, na mhasibu atakuwa wa kwanza kuona kwamba tarehe 26 Mei imehesabiwa mara tatu. Akiona hilo, hata siku tano za kazi zilizoongezeka atazitilia shaka. Isitoshe, siku 30 za kazi ni wiki sita, na tangu tusaini mkataba zilikuwa hazijapita wiki sita. Tungekuwa tunadai kwamba hatujafanya lolote.

Kwa hiyo nilizipunguza mwenyewe. Nembo niliitoa yote: tiketi ilisimama, lakini hakuna kazi nyingine iliyoisubiri, na kuiweka nembo kwenye risiti ni suala la dakika chache. Tiketi kuwa Blocked si sawa na mradi kuchelewa. Halafu zile mbili zilizobaki zinapandana, kuanzia tarehe 22 hadi 28 Mei zote zilikuwa zimesimama. Siku moja ni siku moja hata kama imezuiwa na vitu viwili. Ukizitandaza kwenye kalenda, kuanzia tarehe 19 Mei hadi 3 Juni, ni siku 12 za kazi.

Bado hazikuwa siku 12 zilizopotea. Nilifungua kumbukumbu za muda wa kazi za siku hizohizo, nikakuta kwa siku nane nilikuwa naendelea na ruhusa za watumiaji na ripoti za mauzo, kazi zilizopangwa Juni. Nilizivuta mbele, kwa hiyo Juni sikuzifanya tena. Siku hizo nane hazijapotea. Zilizopotea ni nne za mwisho, baada ya kazi zote zisizotegemea malipo ya simu kuisha. Ushahidi wake ni kwamba hakuna tiketi yoyote ya mradi huu iliyorekodiwa muda siku hizo, na kila iliyobaki ilikuwa imeunganishwa na KYG-52.

Jambo jingine nililolihakiki ni siku ya kuanza kuhesabu. Mkataba ulimpa mteja siku mbili za kazi kujibu ombi lolote, basi kusubiri hakuanzi siku tuliyoomba, kunaanza baada ya hizo mbili kwisha. Na kwa kuwa Jira ni daftari letu wenyewe, mteja ana haki ya kusema tungeweza kuandika chochote. Kila tarehe niliiwekea pembeni barua pepe tuliyoomba na ile tuliyojibiwa. Pale tarehe za Jira na za barua pepe zilipotofautiana, nilichukua inayompendelea mteja.

Tano na nne ni tisa. Ukihesabu siku tisa za kazi kutoka tarehe 4 Julai unafika Alhamisi tarehe 17, ila Jumatatu tarehe 7 ni Sabasaba, kwa hiyo ni Ijumaa tarehe 18 Julai.

Barua niliipeleka tarehe 16 Juni, wiki karibu tatu kabla. Kichwa kilikuwa cha kawaida, na "husika na kichwa cha habari hapo juu" niliiacha kwa sababu kwenye ukurasa mmoja kila mstari una thamani. Sehemu yenyewe ilisomeka hivi:

"YAH: OMBI LA KUONGEZEWA SIKU TISA ZA KAZI, MFUMO WA MAUZO NA STOO

Tunaomba tarehe ya makabidhiano isogezwe kutoka 4 Julai hadi 18 Julai 2025. Siku tano ni za kazi zilizoongezwa baada ya mkataba: marejesho ya bidhaa (2.5), ripoti ya kulinganisha matawi (0.5), na bei za jumla (2, makadirio). Siku nne ni za kazi iliyosimama kabisa, kuanzia 29 Mei hadi 3 Juni, kwa kusubiri funguo za majaribio ya malipo. Siku za kusubiri ambazo tuliendelea na kazi nyingine hatukuzihesabu. Kazi zilizozidi makadirio yetu wenyewe pia hazimo.

Tarehe 4 Julai tutakabidhi mauzo ya kaunta na stoo kwa tawi la kwanza, ili wafanyakazi waanze kujifunza. Ombi hili linahusu muda peke yake. Gharama ya kazi zilizoongezwa tutaileta kwa barua nyingine."

Aya ya mwisho naiona ya lazima. Ukichanganya siku na pesa kwenye barua moja, mteja anabishana na pesa, na siku zinakwama hapohapo. Kiambatisho kilikuwa jedwali la mistari mitano, kila mstari na namba ya tiketi, tarehe, na barua pepe inayohusika.

Mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alipiga simu siku ya pili. Baada ya salamu akauliza, "Mwanangu, hii nembo niliyowachelewesha mbona siioni humu?" Nikamweleza kwamba haikutuzuia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Na hizi bei za jumla, nikiziacha kwanza, napata siku ngapi?"

Mbili, kama ilivyoandikwa. Alitaka mfumo wote uwe unafanya kazi kabla ya tarehe 18, na bei za mafundi zingeweza kusubiri awamu ya pili. Tuliandika marekebisho ya ukurasa mmoja: siku saba badala ya tisa, makabidhiano Jumatano tarehe 16 Julai, pande zote mbili zikasaini. Ile aya ya bei za jumla niliitoa kwenye tiketi ya zamani, nikaifungulia tiketi yake mwenyewe, na kuanzia hapo mwenzangu haongezi ombi jipya kwenye tiketi iliyopo.