Nilipoacha kumuuliza "kwa nini umejikata?"

Miaka yangu ya mwanzo kazini, mgonjwa akija na bandeji mkononi nilikuwa na swali moja: kwa nini? Nililiona kuwa swali la kitabibu. Kumbe kwetu, "kwa nini umefanya hivi?" ni swali la mzazi aliyeshika fimbo. Wagonjwa nao walinijibu kama mtoto anavyojibu fimbo: "Sijui", au kimya, au sababu ya kutunga ili niridhike.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa hapa Tanzania. Mgonjwa ninayemweleza nitamwita Rehema. Jina si lake, na mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike. Alikuwa na miaka 24, anajikata tangu sekondari, na kila uhusiano wake ulipita njia ile ile: mwezi wa kwanza mwenzake ni malaika, wa tatu ni adui, wa nne wamerudiana. Ndugu zake walikuwa wamechoka. Wauguzi walimwita msumbufu. Mimi sikumwita hivyo, ila siku zake za miadi nilikuwa naamka na uzito.

Tiba niliyoijaribu naye ilibuniwa London katika miaka ya 1990 na daktari wa akili Anthony Bateman na mwanasaikolojia Peter Fonagy. Imejengwa juu ya uwezo unaoitwa mentalaizesheni: kuona kwamba nyuma ya tendo la mtu, liwe langu au lako, kuna hisia, nia, hofu na imani, na kwamba hayo hatuyaoni kwa macho, tunayakisia tu. Waliosema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza walikuwa wameshalijua hilo. Mtu kama Rehema hakukosa uwezo huu. Akiwa ametulia alikuwa anamsoma mtu vizuri kuliko mimi. Ulikuwa unamponyoka pale tu hofu ya kuachwa ilipompanda.

Siku iliyonifundisha ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amejikata Jumamosi usiku. Nilianza na yale ambayo hayasubiri: kidonda kikoje, alitaka kufa au la, na sasa hivi je, akirudi nyumbani nani yupo. Hakutaka kufa. Badala ya kuuliza kwa nini, nikasema, "Inaonekana Jumamosi ilikuwa ngumu mno. Turudi nyuma pamoja. Mara ya mwisho siku ile ulipojihisi uko sawa ilikuwa saa ngapi?"

Akafikiri. Saa kumi jioni, alikuwa anasuka nywele za mdogo wake. Tukaanzia hapo, tukaenda taratibu kama mtu anayekagua mkanda wa video kipande kwa kipande. Saa kumi na moja alimwandikia mchumba wake ujumbe. Saa kumi na mbili akaona tiki mbili za buluu, jibu hakuna.

"Hapo nikajua ameniacha," akasema.

Sentensi hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta, na neno lenyewe ni "nikajua". Hakusema aliogopa, wala alidhani. Kilicho kichwani kimekuwa ndicho kilicho duniani, hakuna mlango katikati. Ndiyo maana kumwambia "labda simu iliisha chaji" hakusaidii. Anasikia kwamba humwamini. Nilichofanya ni kukaa naye kwanza kwenye uchungu: "Kama ulikuwa na uhakika ameondoka, lazima kifua kilibana." Akalia. Alipotulia ndipo nikauliza, "Ule uhakika ulikuja kwa mkupuo, au ulipanda kidogo kidogo?" Sikuupinga, nilimwomba tu auangalie.

Saa mbili alimpigia mara kumi na moja. Alipopokea akasema yuko kazini, anampenda, watazungumza kesho. Maneno hayakumtosha. "Angekuwa ananipenda angekuja." Hapo akili ilikuwa imeingia hali nyingine, ambamo hisia haziaminiki mpaka zionekane kwa kitendo: aje, aguse, aache kazi. Kujikata kulikuwa katika lugha hiyo hiyo. Damu inaonekana, na baada yake mchumba alikuja kweli. Daktari akiita hiyo "anatafuta kuonewa huruma" atakuwa amekosea, kwa sababu hakupanga. Wakati ule maneno yalikuwa yamepoteza thamani kwake, na kitendo peke yake ndicho kilichobaki na uzito.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mwalimu wangu wa usimamizi alikuwa amenisisitiza nisisahau kuuliza juu yetu wawili. Nikauliza, "Kuna lolote baina yako na mimi lililoingia humo?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha: "Alhamisi ulipokea simu nikiwa naongea, Dada. Nikaona na wewe umenichoka."

Ni kweli niliipokea. Ilitoka wodini. Mdomo ulikuwa tayari kujitetea, na kujitetea kungemfundisha kwamba alichokiona hakikuwapo. Nikasema, "Nilipokea, na ulikuwa katikati ya jambo zito. Ningekuwa wewe ningeumia. Nilipokuwa naongea na simu, uliniona usoni nikoje?" Alisema nilikuwa nimekunja uso. Nikamweleza kwamba nilikuwa na wasiwasi juu ya mgonjwa mwingine, na kwamba sikujua ule uso yeye anausomaje. Akasema polepole, "Kwa hiyo hukuwa umekasirika na mimi?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza badala ya kujua.

Kwa wenzangu mtakaojaribu, hatari kubwa nimeiona upande wetu. Mgonjwa akipandwa na hofu, sisi nasi tunapandwa, na dalili yake ni kuongea sana. Nikisikia sentensi zangu zinarefuka, au natoa ushauri, au nina uhakika na sababu ya tabia yake, najua uwezo umeniponyoka mimi. Nasimama na kusema, "Ngoja, nimekupoteza, turudi pale." Mhemko ukiwa juu, maneno yawe machache. Tafsiri ndefu za utotoni siku hiyo ni sumu. Na kuna mtego wa kinyume: siku ambazo Rehema alizungumza kwa ufasaha juu ya "majeraha ya utoto" wake, uso mkavu, mwanzoni nilifurahi. Yalikuwa maneno matupu, hayajagusa moyo. Dawa yake ilikuwa kumrudisha kwenye leo: "Ukinieleza hili sasa, mwilini unahisi nini?"

Niseme pia nilichokosa. Tiba kamili, kama ilivyojaribiwa katika utafiti wa 2009 wenye washiriki 134, ilidumu miezi 18, kila wiki kikao cha mtu mmoja na kingine cha kikundi. Mimi sikuwa na kikundi, kwa hiyo siwezi kusema nilimpa tiba ile yenyewe. Katika utafiti huo wale waliopata uangalizi wa kawaida uliopangwa vizuri nao walipata nafuu, ingawa waliopata tiba hii walipungua zaidi kujidhuru na kujaribu kujiua. Hilo lilinipa moyo wa kuanza na kidogo nilicho nacho: siku isiyobadilika, saa isiyobadilika, simu imezimwa, na mpango wa dharura ulioandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Mstari wa kwanza aliandika: "Nikisema 'najua', nisubiri."

Baada ya hapo alijikata mara mbili zaidi mwaka ule, na mara zote mbili tulirudi nyuma kwa namna ile ile. Mwezi wa kumi na moja aliingia ofisini, akaniangalia kabla ya kukaa. "Dada, leo umenuna au umechoka?"

Nikamwambia nimechoka, sikulala. Akavuta kiti akakaa.