Wilaya yenye wazee wengi ilikuwa inanidanganya, jinsi nilivyotatua

Jana usiku hapa Kigoma nilikwama kwenye asaimenti ya afya ya jamii. Ticha katupa namba za kubuni, wilaya mbili, kila moja watu 10,000. A vifo 86, B vifo 72. Nikaandika fasta B ina afadhali, 7.2 kwa 1,000 dhidi ya 8.6.

Kumbe ukigawa kwa umri mambo yanageuka. A: walio chini ya miaka 60 ni 9,000, vifo 4 kwa 1,000, wazee 1,000, vifo 50 kwa 1,000. B: vijana 9,600 kwa 5, wazee 400 tu kwa 60. Yani B inaua zaidi kila rika, ila wazee wake wachache ndo wanaificha.

Sasa nikajaribu kusawazisha tofauti ya umri, nikazidisha kila kiwango na watu wa wilaya hiyohiyo, nikapata 8.6 na 7.2 tena! Hapo ndo ujue umekosea, umerudia ulikotoka. Inatakiwa wilaya zote zitumie idadi moja, mi nikajumlisha zote mbili: vijana 18,600, wazee 1,400. Viwango vya wilaya moja moja safu C, idadi hiyo safu D:

```
=SUMPRODUCT(C2:C3,D2:D3)/SUM(D2:D3)
```

A ikatoka 7.22, B 8.85. Ila usiandike eti A "ina vifo 7.22", hiyo ni ya kulinganishia tu, ukibadili idadi ya msingi nayo inabadilika.